Mikroplastiki kwenye samaki na maji: uliza kwanza matundu ya chekeche

Ule ujumbe kwamba kila mtu anakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki umekuwa ukizunguka kwenye simu tangu 2019. Kila ikitoka habari mpya ya samaki au maji ya chupa, unaibuka tena. Juzi niliukuta mahali ambapo haukupaswa kuwepo: aya ya kwanza ya mapitio ya machapisho ya mwanafunzi wa uzamili aliyeniomba nimsomee rasimu yake. Aya ya pili ilisema zaidi ya nusu ya sangara wa Ziwa Viktoria wana plastiki tumboni. Ya tatu ikasema lita moja ya maji ya chupa ina chembe 240,000 za plastiki.

Takwimu zote tatu zimetoka kwenye tafiti za kweli, hakuna aliyezibuni. Tatizo ni kwamba kila moja imepimwa kwa njia yake, na ukizipanga mstari mmoja kana kwamba zinasema jambo moja, msomaji anapotea. Nilikaa na mwanafunzi yule mchana kutwa tukazifumua moja moja. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyapitia, kwa ajili ya yeyote anayeandika mapitio kama hayo au anayetaka tu kujua aamini nini.

Tuanze na jina. Mikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5, yaani kuanzia ukubwa wa punje ya dengu kushuka chini. Kushuka mpaka wapi? Watafiti wengi huweka mpaka kwenye mikromita 1, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vilivyo chini ya hapo huitwa nanoplastiki. Ili uone upana wa jambo hili, unywele wa kichwa chako una unene wa mikromita 70 hivi. Kwa hiyo neno hili moja linabeba punje unayoweza kuiokota kwa vidole na chembe ambayo hata hadubini ya kawaida inahangaika kuionyesha. Mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Chembe hizi zinatoka wapi? Chukua kiroba cha salfeti kilichobeba unga au sukari, ukiache juani nyuma ya nyumba miezi kadhaa. Siku ukikishika, kinavunjika mkononi, kinakuachia vipande vyeupe vyembamba na vumbi linalong'ang'ania vidole. Jua limekata minyororo ya plastiki ile, lakini plastiki yenyewe haijaoza. Imebaki plastiki vilevile, ila sasa ni maelfu ya vipande badala ya kimoja. Mvua ikinyesha vinaingia mtaroni, na mtaro unaishia mtoni au ziwani. Hicho ndicho chanzo kikubwa ziwani kwetu: vitu vikubwa vilivyochakaa, kama viroba, mifuko, chupa, kamba na nyavu za nailoni. Utafiti wa maji ya juu upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, uliochapishwa 2020, ulikuta kwamba chembe nyingi ni za aina hiyo hasa. Ndiyo maana marufuku ya mifuko ya plastiki, Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, haiwezi kuonekana ziwani mara moja. Mifuko iliyotupwa kabla ya hapo bado inaendelea kusagika.

Kuna vyanzo viwili vingine ambavyo watu hawavifikirii. Cha kwanza ni nguo. Shati la polyesta ni plastiki iliyosokotwa, na kila likifuliwa linaachia nyuzi. Takwimu inayonukuliwa sana ni ya 2016, kutoka Uingereza: kilo 6 za nguo za akriliki zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja. Mwanafunzi wangu alikuwa ameibeba hivyo hivyo hadi kwenye sura inayohusu vijiji vya kandokando ya ziwa. Nikamkumbusha kwamba nyuzi zile zilihesabiwa kwenye mashine ya kufulia inayozungusha nguo kwa kasi, ilhali vijijini watu wanafua kwa mkono kwenye beseni, au juu ya jiwe palepale ufukweni. Huenda nyuzi ni chache zaidi, ila zinaingia ziwani moja kwa moja bila kupita popote. Namba ya mashine haijibu swali la beseni.

Cha pili ni matairi. Tairi la bodaboda au la daladala likiisha kashata, mpira ule haukupotea hewani. Umesagika barabarani ukawa vumbi jeusi, na vumbi hilo linasombwa na mvua. Lakini fungua tafiti nyingi za ziwani na baharini, hutaliona kwenye majedwali. Sababu ni ya kipimo. Vumbi la tairi ni zito kuliko maji, linazama, na wavu unaoburutwa juu ya maji haulikuti. Kisha ni jeusi tii, linameza mwanga wa infraredi ambao ndio hutumika kutambua aina ya plastiki, kwa hiyo hata likipatikana mashine haitoi jibu la kueleweka. Ukikuta jedwali lisilo na tairi, usiandike kwamba tairi si chanzo. Andika kwamba njia iliyotumika haikuwa na macho ya kuliona.

Sasa tuje kwenye wale sangara.

Utafiti wenyewe ni wa Biginagwa na wenzake, uliochapishwa 2016, na ndio wa kwanza kuonyesha mikroplastiki katika samaki wa maziwa makuu ya Afrika. Walichukua samaki Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakawapasua na kutazama njia ya chakula, yaani tumbo na utumbo. Kazi ya namna hii huenda hivi: unayeyusha tumbo kwa kemikali ili nyama na mabaki ya chakula viishe, unachuja, kisha unatazama kilichobaki kwenye karatasi ya chujio. Kemikali ikiwa dhaifu, mabaki ya chakula yanakuzuia kuona. Ikiwa kali mno, inakula na plastiki zenyewe: asidi kali huharibu nailoni, na alkali kali ya moto huharibu polyesta.

Baada ya kutazama kwa macho, walishuku plastiki katika sangara 11 kati ya 20, ambayo ni asilimia 55, na katika sato 7, asilimia 35. Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoishia. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walizipeleka chembe zile kwenye kipimo cha infraredi, ambacho hufanya kazi kama alama ya kidole: kila aina ya plastiki humeza mwanga kwa namna yake, na mashine inailinganisha na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Zilizothibitishwa kuwa plastiki zilitoka katika samaki 4 kwa kila aina. Asilimia 20 kwa sangara, asilimia 20 kwa sato.

Je, wale sangara 7 waliobaki hawakuwa na plastiki? Hatuwezi kusema hivyo, maana kipimo cha aina ile kinahitaji chembe kubwa kiasi cha kubanwa kwenye mashine, na ndogo zaidi hukosa jibu. Kwa hiyo kauli ya haki ni kwamba plastiki ilithibitishwa katika samaki 4 na kushukiwa katika 11. Na bado kuna suala la wingi. Ukipata 4 kati ya 20, hesabu ya kitakwimu inakwambia kiwango halisi kinaweza kuwa popote kuanzia asilimia 6 hadi 44 hivi. Utafiti huu unathibitisha kwamba plastiki imefika tumboni mwa samaki wa ziwa, na hilo ni jambo zito. Haukusudiwi kutuambia ni samaki wangapi wa ziwa zima wanayo.

Kuna jambo jingine ambalo lilinipata mwenyewe. Nilipokuwa najifunza kazi hii, kila nilipopasua samaki niliweka pembeni kisahani chenye karatasi ya chujio iliyoloweshwa, wazi, bila samaki. Hicho ndicho kinachoitwa sampuli tupu. Siku moja nilikuta nyuzi nzuri za buluu tumboni mwa samaki, nikafurahi. Nikageukia kisahani kitupu: nyuzi zilezile, buluu ileile. Mwenzangu alikuwa amevaa koti la baridi la polyesta, na kipupwe kilikuwa kinapuliza kutoka upande wake. Hapa hata kipimo cha infraredi kisingeniokoa. Kingethibitisha kwamba ni polyesta, na kweli ilikuwa polyesta. Kisichoweza kusema ni kama uzi ule ulitoka ziwani au begani mwa mtu. Tangu siku hiyo, utafiti usioeleza sampuli zake tupu nausoma hadi mwisho, lakini namba yake siibebi.

Uzito wa jambo hili ulionekana Scotland mwaka 2018. Watafiti walihesabu plastiki katika kome, kisha wakahesabu nyuzi zinazoanguka kwenye sahani wakati watu wanakula chakula cha jioni nyumbani. Kwa mlaji wa kawaida wa Uingereza, kome wangemwingizia chembe 123 kwa mwaka. Vumbi la ndani ya nyumba lingemwingizia kati ya 13,731 na 68,415. Anayeogopa kiumbe wa majini huku amekaa kwenye sebule ya mazulia na mapazia ya polyesta anaogopa kisichostahili.

Matundu ya chekeche

Rudi kwenye zile chembe 240,000 za chupa. Utafiti wa Uganda nilioutaja ulikuta kati ya chembe 0.02 na 2.19 katika kila mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa. Mita ya ujazo ni lita 1,000. Ukizilinganisha bila kufikiri, utasema maji ya chupa yana plastiki mara milioni 100 kuliko Ziwa Viktoria, kauli ambayo hata mtoto aliyeogelea karibu na gati ataikataa.

Jibu liko kwenye matundu. Nyavu zinazoburutwa juu ya maji kwa kazi hii huwa na matundu ya mikromita 300 hivi. Kilicho kidogo kuliko hapo kinapita. Utafiti wa chupa, uliochapishwa Marekani 2024, ulitumia leza inayoona hadi nanoplastiki, na takriban asilimia 90 ya ilichohesabu ni nanoplastiki. Ni sawa na kuchekecha unga kwa chekeche la kokoto, ukasema hakuna kitu, na jirani akachekecha kwa kitambaa cha hariri akasema kuna punje mamilioni. Wote wawili wako sahihi kuhusu chekeche zao.

Hesabu yake ni rahisi. Kipande cha plastiki chenye umbo la mchemraba wa milimita 1 kila upande ni chembe moja. Kikisagika kuwa vipande vya mikromita 1, vitakuwa bilioni moja. Plastiki ni ileile, uzito uleule, lakini idadi imeruka kutoka 1 hadi 1,000,000,000. Hata ndani ya maji ya chupa peke yake jambo hili linaonekana. Utafiti wa 2018 uliopima chupa 259 ulipata wastani wa chembe 10 kwa lita zilizozidi mikromita 100, na aina zake zilithibitishwa. Waliposhuka hadi mikromita 6.5 walipata wastani wa 325, lakini hizo zilitambuliwa kwa rangi inayoshika plastiki na kung'aa, rangi ambayo wakati mwingine hushika na vitu visivyo plastiki. Ukaja ule wa 2024 na 240,000. Anayesoma haraka ataandika kwamba uchafuzi umepanda mara 24,000 ndani ya miaka 6. Kilichopanda ni uwezo wa kuona.

Na ile kadi ya benki? Ilitokana na uchambuzi uliofanywa kwa ajili ya shirika la WWF mwaka 2019. Uchambuzi wenyewe ulitoa makadirio ya gramu 0.1 hadi 5 kwa wiki, na kilichosambaa ni ile ncha ya juu. Kasoro yake iko kwenye hatua moja. Idadi ya chembe ilichukuliwa kwenye tafiti zilizohesabu chembe ndogo, kisha ikazidishwa kwa wastani wa uzito uliotoka kwenye chembe kubwa. Ni kuhesabu punje za mchanga halafu kuzizidisha kwa uzito wa kokoto. Mwaka 2021 watafiti wengine walirudia hesabu wakizingatia kwamba ukubwa wa chembe unatofautiana, na kwa mtu mzima walipata kiwango cha kati cha nanogramu 583 kwa siku. Hiyo kwa wiki ni mikrogramu 4 hivi. Kwa mwendo huo, kufikisha gramu 5 za kadi kungechukua zaidi ya miaka 23,000. Hesabu ya pili nayo ina mipaka, maana haikuwa na takwimu za vyakula vyote, na wali, ugali na mboga za majani vilivyopimwa bado ni vichache. Hata hivyo, pengo kati ya hesabu hizi mbili ni mara milioni moja, na mapitio yanayotaja moja bila nyingine hayajamtendea msomaji haki.

Je, plastiki inapanda mlolongo wa chakula?

Wengi wanadhani plastiki inafanya kama zebaki: kidogo kwa dagaa, nyingi kwa sangara anayekula dagaa, nyingi zaidi kwa mtu anayekula sangara. Zebaki hupanda hivyo kwa sababu hushikamana na protini za mwili na kutoka ni kazi. Chembe ya plastiki iko ndani ya utumbo, na mara nyingi hutoka na kinyesi. Kwamba inaweza kuhama kutoka kwa kiumbe mmoja hadi mwingine hakuna ubishi. Mwaka 2013, Uingereza, kaa walilishwa kome waliokuwa wamekaa kwenye maji yenye chembe ndogo mno za plastiki, na chembe hizo zikaonekana kwenye damu ya kaa. Lakini baada ya siku 21 zilikuwa zimebaki kidogo sana. Kuhama ni kitu kimoja, kurundikana kila ngazi ni kingine, na ushahidi wa hilo la pili ni haba. Hata kule Mwanza, sangara anayekula samaki wenzake na sato anayekula zaidi mimea na mwani wote walithibitishwa kwa kiwango kilekile. Samaki 20 ni wachache mno kufunga mjadala, ila hawaonyeshi ngazi yoyote.

Kwa mlaji, swali lenye maana zaidi ni kama samaki analiwa pamoja na utumbo wake. Sangara na sato hutumbuliwa kabla ya kupikwa, na plastiki iliyopimwa Mwanza ilikuwa tumboni, si kwenye mnofu. Dagaa hatumbuliwi. Analiwa kichwa, tumbo na mkia, na ndiye samaki wa bei nafuu kwa familia nyingi kuanzia Musoma hadi Bukavu. Hapo ndipo ningependa kuona tafiti zikielekezwa. Tahadhari moja: mwaka 2017 watafiti walipima samaki wakavu kutoka Malaysia, na katika aina 2 kati ya 4 mnofu ulikuwa na plastiki nyingi kuliko viungo vya ndani. Hiyo inadokeza kwamba plastiki nyingine huingia baada ya samaki kuvuliwa, kwenye kuanika na kufungasha.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ushahidi wenyewe bado ni mfupi. Utafiti wa Italia wa 2024 uliwafuatilia watu 257 waliotolewa utando wa mafuta kwenye mshipa wa shingo. Katika utando wa watu 150 kulikutwa plastiki aina ya polyetilini, na waliokuwa na plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo karibu mara 4.5 zaidi ndani ya miezi 34 hivi. Ni matokeo ya kushtua, nami nayachukulia kwa uzito. Ila utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu viwili vikitembea pamoja. Hauonyeshi kipi kinamvuta mwenzake, na watafiti wenyewe walisema uchafuzi wa sampuli hauwezi kufutwa kabisa. Tafiti za 2025 kuhusu plastiki ndani ya ubongo zina kikwazo chake: kipimo huchoma sampuli na kusoma moshi wake, na mafuta ya mwilini yakichomwa hutoa vitu vinavyofanana sana na vya polyetilini, na ubongo umejaa mafuta. Shirika la Afya Duniani, lilipopitia ushahidi mwaka 2022, lilisema hautoshi kupima hatari kwa binadamu. Hilo halina maana kwamba hakuna hatari. Na si kwamba tafiti hazipo: mapitio ya 2019 yalipotathmini ubora wa tafiti 50 za maji, ni 4 tu zilizopita kila kigezo.

Mwanafunzi wangu alifuta aya zote tatu, akachora jedwali. Kila utafiti mstari wake, na kwa kila mmoja: chembe ndogo kabisa inayoweza kuonekana, ngapi zilithibitishwa na ngapi zilishukiwa, sampuli tupu zilisema nini, ni tumbo au ni mnofu, na kipimo ni idadi au uzito. Nafasi nyingi zilibaki wazi, akataka kuzificha. Nikamwambia aziache, kwa maana nafasi zile ndizo mapitio yenyewe.

Kwenye mstari wa dagaa, karibu kila nafasi ilikuwa wazi, na hapo akapata utafiti wake. Atachukua dagaa wa mtumbwi mmoja, usiku mmoja, awagawe mafungu manne. La kwanza litatoka kwenye mtumbwi hadi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma. La pili litaanikwa mchangani, la tatu juu ya nyavu kuukuu, la nne kwenye chanja ya miti. Kila fungu litakuwa na kisahani chake kitupu pembeni, muda wote litakapokuwa juani. Mafungu matatu yaliyoanikwa yakizidi lile la kwanza, tutajua plastiki iliyozidi haikutoka ziwani, ilitoka ufukweni.